Kazi isiyodai jioni: hesabu ya udobi kwa baba anayelea peke yake

Pesa ya Dar es Salaam, kwa mwanamume asiye na mshahara, huingia zaidi jioni. Bodaboda hujaza mfuko kuanzia saa kumi na moja, watu wakitoka kazini na magari yakiwa yameshonana barabarani. Chipsi na mishikaki huanza kutoka giza likiingia. Hata fundi wa simu hupata wateja wengi watu wakishafika mtaani.

Kwa baba anayelea watoto peke yake, saa hizo ndizo asizoweza kuziuza. Jioni kuna chakula cha kupika, madaftari ya kukagua, mtoto wa kuogesha, na lolote litakalozuka bila kupiga hodi: homa, tumbo, kiatu kilichopasuka kikihitajika kesho asubuhi, ujumbe wa mwalimu mkuu. Tazama inavyokuwa kwa baba anayeendesha pikipiki ya mtu. Tuseme hesabu ya mwenye chombo ni shilingi 10,000 kwa siku. Wenzake hutumia asubuhi na mchana kutafuta hesabu na mafuta, kisha jioni wanatafuta cha kwao. Yeye akipaki saa tisa alasiri ili awahi nyumbani, siku nzima amewafanyia kazi mwenye pikipiki na kituo cha mafuta. Hajashindwa kazi. Kazi yenyewe imewekwa kwa ajili ya mtu ambaye nyumbani kwake kuna mwingine anayepika.

Kwa hiyo ninaposikia baba wa namna hii akishauriwa afuge kuku au anunue mashine ya kukaanga chipsi, huwa najiuliza kwanza pesa hiyo inaingia saa ngapi, na baada ya muda gani. Kuku wa mayai huanza kutaga akiwa na wiki 18 hadi 20 hivi, na miezi yote hiyo anakula bila kurudisha kitu. Chipsi ni jioni tupu. Anachohitaji baba huyu ni kazi yenye sifa tatu: ifanyike kati ya kengele ya kuingia shule na ya kutoka, iweze kuachwa katikati bila kuharibika, na ahadi yake kwa mteja itimizwe asubuhi. Kazi inayotimiza hayo kwa mtaji mdogo ninayoweza kuitetea kwa hesabu ni udobi wa nyumbani, yaani kufua na kupiga pasi kwa wateja wa kudumu wa mtaa mmoja.

Udobi una faida nyingine katika pwani yetu. Dobi wa mtaani amezoeleka kuwa mwanamume, kwa hiyo hakuna jirani atakayeshangaa kumwona baba kasimama nyuma ya meza ya pasi.

Tumchukue baba mmoja wa kupigia mfano, anayekaa Tabata, mwenye watoto wawili, mmoja darasa la pili na mwingine la tano. Tumwite Baba Rehema. Kila asubuhi anawapeleka shule kwa miguu, na saa mbili na nusu amerudi nyumbani. Wa darasa la pili hutoka mapema, kwa hiyo saa saba mchana ni lazima awe getini. Hapo katikati ana saa nne za kazi. Katika shule zilizojaa ambazo zina zamu mbili, watoto wa baba mmoja wanaweza kupishana, mmoja akiingia asubuhi na mwingine mchana, na saa hizo nne zikakatika vipande viwili. Udobi unavumilia hata hilo, kwa sababu kufua na kupiga pasi ni kazi mbili zisizolazimika kufanyika kwa mkupuo.

Njia ya shule ndiyo njia ya wateja. Baba Rehema hana haja ya kibanda wala bango. Wateja wake wanakaa kati ya nyumba yake na shule: mwalimu aliyepanga chumba, muuguzi anayeingia zamu za usiku, vijana wawili wa ofisini wanaokaa pamoja, mzee anayevaa kanzu kila Ijumaa. Anachukua nguo chafu akirudi kutoka shule, na anarudisha nguo safi akienda. Safari ambayo angeifanya bure inambebea kazi.

Sasa, mzunguko wenyewe. Jumatatu asubuhi anakusanya nguo, na siku hiyohiyo anafua na kuanika. Jumanne, saa zilezile nne, anapiga pasi. Jumatano asubuhi anarudisha, na palepale anapokea za mzunguko wa pili. Hizo anazifua Jumatano, anazipiga pasi Alhamisi, na Ijumaa asubuhi anazirudisha, kanzu zikiwa tayari kabla ya swala ya Ijumaa. Angalia kwamba katika mpango huu jioni haimo hata moja. Jioni ya Jumatatu na ya Jumanne zimebaki wazi kama akiba. Mtoto akipata homa Jumanne asubuhi na saa nne zote zikaishia zahanati, nguo zitapigwa pasi usiku watoto wakilala, na Jumatano mteja hatajua kama kulikuwa na tatizo. Jioni ikiwa njema, baba anapumzika. Dobi anayehesabu jioni kama saa za kazi tangu mwanzo hana pa kukimbilia siku mambo yakiharibika.

Ndiyo maana kazi ya leo kwa leo ni ya kukataa, hata ikiwa na bei ya mara mbili. Dada wa ofisini atakuja na gauni: "Baba Rehema, naomba hili nilipitie saa moja jioni, nina sherehe." Jibu ni moja kila siku: "Samahani dada yangu, mimi narudisha asubuhi tu. Ukinipa leo, keshokutwa asubuhi unalo mlangoni." Wachache wataondoka. Watakaobaki ndio wateja wa biashara hii, na hao hawatamlaumu jioni kwa sababu hakuwahi kuwaahidi jioni.

Nguo ngapi? Kwa mkono, mtu aliyezoea anafua nguo 40 za kawaida katika saa nne, akiwa ameloweka kwanza na kutenganisha nyeupe, za rangi na nzito. Pasi, shati moja la mikono mirefu huchukua dakika kumi kwa anayeanza na dakika sita kwa aliyezoea. Kwa dakika sita, nguo 40 ni saa nne kamili. Kwa hiyo mizunguko miwili ni nguo 80 kwa wiki, na ukikadiria nguo nane kwa mteja, ni wateja kumi tu. Tuseme kila nguo, kufua na pasi, ni shilingi 800. Wiki inaingiza 64,000. Toa sabuni, jiki na wanga, tuseme 8,000. Toa maji, ndoo 32 kwa shilingi 100, ni 3,200. Umeme tutauona, weka 2,000. Tenga 3,000 kwa ajili ya nguo itakayoharibika au kupotea, kwa maana siku hiyo itafika. Zinabaki 47,800 kwa wiki, kwa saa 16 za kazi. Bei za mtaa wako zitakuwa tofauti, lakini njia ya kuhesabu ni hiyohiyo. Pesa hiyo italisha na kununua madaftari. Kodi ya vyumba viwili na ada ya shule binafsi haiwezi kubeba peke yake. Afadhali hilo lijulikane mapema kuliko kumdanganya mtu.

Umeme huwatisha watu kuliko inavyostahili. Pasi ya wati 1,200 haili umeme muda wote, kwa kuwa hujikata ikifikia joto na kujiwasha ikipoa. Katika saa nane za wiki inakula uniti sita hivi, na kwa mteja wa kawaida wa LUKU, uniti imekuwa ikienda shilingi 350 na ushee. Tatizo ni pale wapangaji wanapochangia LUKU moja. Jirani akikuona na pasi kila wiki ataamini wewe ndiye unayemaliza umeme wote, na kelele zitaanza kabla ya mwezi kuisha. Dawa ni kusoma mita mbele ya wenzako kabla ya kuanza na baada ya kumaliza siku moja nzima ya pasi, huku vyombo vingine vimezimwa, kisha mkubaliane utaongeza kiasi gani kwenye mchango wako. Na kama nyumba iko kwenye bei nafuu ya watumiaji wadogo, ambao kikomo chao ni uniti 75 kwa mwezi, uniti 24 za pasi zinaweza kuwavusha nyote kikomo hicho. Liseme jambo hilo kabla halijatokea.

Maji yana siri yake. Sehemu kubwa ya Dar es Salaam watu hufulia maji ya kisima, na maji hayo mara nyingi yana chumvi. Sabuni ya mche haitoi povu humo, bali huacha utando wa kijivu unaoganda kwenye shati jeupe. Baada ya mizunguko michache mteja ataona kola imefubaa, na atakuwa na haki ya kulalamika. Katika maji ya namna hiyo tumia sabuni ya unga, na weka ndoo mbili za maji ya bomba kwa ajili ya suuzo la mwisho la nguo nyeupe peke yake. Kwa nguo za rangi, kisima kinatosha.

Madoa ndiyo yanayomtofautisha dobi na mtu yeyote mwenye beseni. Damu ifuliwe kwa maji ya baridi, maana ya moto huigandisha ndani ya uzi. Jasho la njano kwapani usilipige jiki, litazidi kuwa njano, na kutu vilevile itazidi kukolea. Kwa kutu paka ndimu na chumvi, anika juani, suuza, na urudie. Doa la bizari litakushtua mara ya kwanza, kwa sababu ukiweka sabuni linageuka jekundu kana kwamba umeharibu nguo. Hujaharibu. Suuza mpaka sabuni iishe, kisha lianike juani, na jua litalififisha siku hadi siku. Kitenge au khanga mpya, kabla ya kuichanganya na chochote, kandamiza ncha yake kwa kitambaa cheupe kilicholowa. Kitambaa kikichukua rangi, nguo hiyo inafuliwa peke yake. Sufu na hariri hazikutani na jiki kamwe, kwa sababu jiki inazila.

Kuhusu jiki, baba mwenye watoto ndani ana jambo la kushika kuliko madobi wengine. Isihifadhiwe kwenye chupa ya soda au ya maji ya kunywa hata kwa saa moja, kwa kuwa mtoto mwenye kiu hasomi. Na isichanganywe na dawa ya kusafishia choo wala siki, maana hutoa hewa ya klorini inayounguza mapafu. Iwe juu, kwenye chupa yake ya asili, imefungwa.

Meza ya pasi haihitaji kununuliwa. Meza ya kawaida iliyofunikwa blanketi kuukuu na shuka nyeupe juu yake inafanya kazi vizuri. Panga nguo kwa joto: anza na nailoni, ambayo alama yake kwenye pasi ni nukta moja, kisha poliesta kwenye nukta mbili, na pamba mwishoni kwenye nukta tatu. Pasi hupanda joto haraka lakini hupoa polepole, kwa hiyo anayeanza na pamba kisha akarudi kwenye nailoni ndiye anayeunguza nguo za watu. Nguo za pamba zinyunyizie maji na kuzikunja mviringo kwa nusu saa hadi saa nzima kabla ya pasi, ili unyevu uenee. Shati lianzie kwenye kola, kutoka kwenye ncha kwenda katikati, lisije likakunjamana pembeni ambako ndiko macho yanakotua. Fuata mabega, mwisho wa mikono penye vifungo, mikono yenyewe, kisha mbele na nyuma. Kanzu inataka wanga mwepesi na tone la bluu kwenye suuzo. Bluu ikizidi, kanzu inatoka na mabaka, kwa hiyo ikoroge kwenye maji mpaka ichanganyike yote kabla ya kutumbukiza nguo.

Hapa ndipo jioni ya ghafla inapoweza kukuumiza. Umenyunyizia nguo kumi na tano, umezikunja, kisha simu ya shule inalia. Ukiondoka na ukarudi usiku, na kesho yake hujazigusa, kwenye joto letu zitaanza kunuka uvundo na pengine kuota vidoa vya ukungu visivyotoka. Kabla hujafunga mlango, zikunjue zote na uzitundike kwenye kamba ya ndani. Ni dakika tatu tu, na zikikauka utazinyunyizia upya. Pasi iondolewe ukutani, isiwekwe tu kusimama, na waya wake usining'inie pale mtoto anapoweza kuuvuta.

Umeme ukikatika, wapo wanaorudi kwenye pasi ya mkaa. Inafanya kazi, mradi mkaa uwe umeshika vizuri na hautoi moshi, na majivu yapepetwe mbali na nguo. Lakini ifanyike nje, kibarazani. Usiku, mvua inanyesha, watoto wamelala na mlango umefungwa, pasi ya mkaa au jiko ndani ya chumba hutoa kaboni monoksidi, hewa isiyo na harufu inayoua watu usingizini. Kwa kazi hiyo, afadhali mteja akasirike.

Nguo iliyopotea ndiyo inayoua biashara hii kuliko mvua na umeme. Shati la shilingi 25,000 likipotea, na wewe unabakiwa na shilingi 600 hivi kwa kila nguo, umepoteza jasho la nguo zaidi ya arobaini, yaani mzunguko mzima. Hesabu nguo mbele ya mteja, mlangoni kwake, pekua mifuko hapohapo, na andika kwenye daftari: tarehe, idadi, rangi, na kasoro iliyokuwapo tayari, kama kifungo kilichong'oka au doa la kalamu. Asaini au aandike jina. Kisha kila mteja awe na alama yake, uzi wa rangi fulani au kitambaa kidogo chenye namba kilichoshonwa mishono miwili ndani ya kola au kiunoni. Mashati meupe ya ofisini yanafanana mno, na ukitegemea kumbukumbu utampelekea mwalimu shati la mhasibu.

Masika, kuanzia Machi hadi Mei, na vuli, Oktoba hadi Desemba, hubadilisha kazi. Nguo hazikauki kwa siku moja. Waambie wateja mapema kwamba wakati wa mvua ahadi inaongezeka siku moja, na usianike nguo ndani zikiwa zimesongamana, acha nafasi ya kupitisha kiganja kati ya moja na nyingine, feni ikipuliza. Wakati huohuo tangaza pasi peke yake, tuseme kwa shilingi 400. Wengi hufua wenyewe lakini hawapendi pasi, na nguo 40 za pasi tupu zinakuletea 16,000 kwa asubuhi moja bila ndoo hata moja ya maji. Nawajua wanaoona haya kupokea kazi ya nusu bei. Wapige hesabu kwa saa badala ya kwa nguo, wataona kwamba malipo hayako mbali na ya kufua.

Desemba, shule zikifunga, mambo mawili hutokea kwa pamoja: watoto wako nyumbani siku nzima, na wateja wengi wamesafiri kwenda mikoani. Yanasaidiana, lakini mapato yanashuka, kwa hiyo akiba ya mwezi huo ianze kutengwa tangu Septemba. Januari kazi hurudi kwa kishindo cha sare mpya za kuondoa mikunjo ya dukani, na wazazi unaokutana nao getini ndio wenye sare hizo.

Kuanza kunahitaji pasi nzuri ya shilingi 35,000 hivi, mabeseni matatu, ndoo, kamba, vibanio, daftari na sabuni ya wiki mbili. Kwa makadirio yangu, vyote havizidi 120,000, na ndoo na mabeseni pengine unayo. Wiki mbili za kwanza chukua wateja watatu tu, nguo zisizozidi 20 kwa mzunguko, maana kasi ya dakika kumi kwa shati haitakupa 40. Saa yako ikionyesha dakika saba, ongeza wateja wawili. Ukifika nguo 80 kwa wiki na bado watu wanakuita njiani, mzunguko wa tatu upo, wa kupokea Ijumaa na kurudisha Jumatatu, lakini huo unakula Jumamosi ya watoto. Kabla ya kuuchukua, jaribu kumpa kijana wa mtaani pasi kwa shilingi 250 kwa nguo, meza iwe kwako, daftari libaki mkononi mwako, na nguo zirudishwe asubuhi kama kawaida.